Hewa ya silinda ya dizeli na njia mbili ambazo haikupita

Injini ya dizeli haihitaji plagi ya kuwashia mafuta. Pistoni inapanda, inaikandamiza hewa mpaka inakuwa ya moto mno, na dizeli ikipulizwa na nozeli inawaka yenyewe. Katika safari hiyo moja hewa imebadilika mara mbili kwa pamoja: ujazo umepungua na halijoto imepanda. Swali letu ni dogo, ila limewatoa jasho wanafunzi wengi: je, entropia ya hewa hiyo imeongezeka au imepungua, na kwa kiasi gani?

Tuchukue namba za kawaida. Hewa inaingia ikiwa na nyuzi 27 za sentigredi, yaani kelvini 300, na inakandamizwa hadi ujazo wake unabaki sehemu moja ya 18. Mwisho wa safari tuseme halijoto ni kelvini 850. Tuhesabu kwa moli moja ya hewa, ambayo mwanzoni inajaza kama lita 25. Silinda ya nusu lita inabeba sehemu ya hamsini tu ya kiasi hicho, kwa hiyo anayetaka jibu la injini yake atagawanya kwa 50.

Rudolf Clausius, Mjerumani aliyelipa wazo hili jina lake mwaka 1865, alieleza mabadiliko ya entropia hivi: chukua joto lililoingia kidogo kidogo, kila chembe ya joto igawanye kwa halijoto iliyokuwapo wakati huo, kisha jumlisha. Sharti lake ni kwamba joto hilo lipite taratibu, kwa namna inayoweza kurudishwa nyuma bila kuacha alama. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Ndani ya injini inayozunguka hakuna kinachokwenda taratibu. Pistoni inakimbia, hewa inachafuka, na joto linavujia kwenye kuta za silinda kwa kasi ambayo hatuijui.

Ila entropia ni mali ya hali ya gesi, kama zilivyo kanieneo na ujazo. Haikumbuki gesi ilipita wapi. Ukijua hali ya mwanzo na ya mwisho, una ruhusa ya kubuni njia yako mwenyewe, hata kama hakuna injini duniani iliyowahi kuifuata. Njia rahisi ni ile yenye hatua mbili, kila hatua ikibadilisha kitu kimoja tu.

Hatua ya kwanza, tunaifunga pistoni isisogee na kuipasha hewa kutoka kelvini 300 hadi 850. Kila nyuzi moja inahitaji karibu jouli 20.8 kwa moli. Nyuzi ya kwanza kabisa, tukigawanya kwa 300, inaleta entropia ya 0.069. Nyuzi ya mwisho inatumia jouli zile zile, lakini tunagawanya kwa karibu 850, na tunapata 0.024 tu. Joto linaloingia kwenye kitu cha baridi lina uzito mkubwa kuliko linaloingia kwenye kitu cha moto. Kuzijumlisha nyuzi zote 550 ndiko kunakozaa logi asilia: 20.8 mara ln(850/300), sawa na jouli 21.7 kwa kelvini.

Hatua ya pili, tunashikilia halijoto pale pale kwenye 850 na kuikandamiza hewa polepole hadi moja ya 18 ya ujazo. Kazi yote tunayoifanya inatoka ikiwa joto, kwa kuwa nishati ya ndani ya gesi kamilifu hutegemea halijoto peke yake. Entropia inashuka: 8.314 mara ln(1/18), yaani jouli 24.0 kwa kelvini zimetoka. Fomula nzima ni hii:

ΔS = Cv ln(T2/T1) + R ln(V2/V1)

Jumla yake ni 21.7 kutoa 24.0, yaani pungufu ya jouli 2.3 au 2.4 kwa kelvini, kutegemea umekadiria desimali wapi.

Sasa tugeuze mpangilio. Tukandamize kwanza hewa ikiwa bado na kelvini 300, halafu ndipo tuipashe. Joto la kupasha ni lile lile, kilojouli 11.4. Lakini joto linalotoka wakati wa kukandamiza sasa ni kilojouli 7.2, wakati kwenye njia ya kwanza lilikuwa kilojouli 20.4. Kwa hiyo njia ya kwanza, ukijumlisha yote, imetoa kilojouli 9.0 nje, njia ya pili imeingiza kilojouli 4.2 ndani. Hata alama ya joto imegeuka! Lakini 20.4 ikigawanywa kwa 850, na 7.2 ikigawanywa kwa 300, zote zinatoa 24.0 ile ile kwa kelvini, na jumla ya entropia haitikisiki. Joto ni habari ya njia. Entropia ni habari ya mwisho wa njia.

Alama ya kutoa isikutishe. Sheria haikatazi entropia ya gesi kupungua. Inakataza jumla ya gesi na jirani zake kupungua. Hewa yetu imepoteza joto kwenye kuta ambazo ni baridi kuliko yenyewe, na kuta zimepata entropia zaidi ya ile iliyopotea. (Mwanzoni mwa mkandamizo mambo huwa kinyume: kuta ndizo za moto, na hewa mpya ndiyo inayopokea.)

Kosa linaloharibu hesabu hii mara nyingi ni kuweka sentigredi ndani ya logi. Uwiano wa 577 kwa 27 ni zaidi ya 21, na jibu linaruka hadi karibu kuongezeka kwa 40. Kosa lingine ni kusema kwamba pasipo joto kuingia entropia haibadiliki. Gesi ikiachiwa ikimbilie kwenye chumba kitupu, ujazo ukawa maradufu, hakuna joto lililoingia wala halijoto iliyobadilika, lakini kwa kila moli entropia inapanda kwa R ln 2, karibu 5.8. Hatua ya kupasha hapo ni sifuri. Hatua ya ujazo ndiyo inayobeba kila kitu.

Fomula ina mipaka. Inadai kiasi cha gesi kisibadilike, kwa hiyo kwenye injini ambayo pete za pistoni zimelika na hewa inavuja, haitoshi peke yake. Tena inadhani jouli 20.8 kwa nyuzi ni ile ile siku zote. Kwa hewa si kweli: kwenye kelvini 850 inakaribia 24, kwa sababu molekuli za moto zinaanza kutetemeka na kumeza nishati zaidi. Ukitumia majedwali ya hewa badala ya namba moja, hatua ya kwanza inakuwa 22.7, na upungufu wa 2.4 unashuka hadi 1.3 hivi. Vivyo hivyo, hewa isiyopoteza joto lolote ingefika kelvini 953 kwa fomula, ilhali kwa majedwali ingefika karibu 900. Jibu letu ni tofauti ya namba mbili kubwa zinazokaribiana, na kosa dogo katika mojawapo linalivuruga. Kwa mtihani wa kidato cha sita, 20.8 inatosha. Kwa anayebuni injini, aanze na majedwali.