Nusu Sekunde na Ushei: Safari ya Sevu ya Kilomita 200

Ukitazama tenisi kwenye televisheni, mara tu mchezaji anapopiga sevu, yaani lile pigo la kuanzisha pointi, namba huwaka kwenye kona ya kioo. Mwaka huu nilikuwa nikitazama Wimbledon na jirani yangu, na namba iliyowaka ilikuwa 200, kilomita kwa saa. Akatoa simu, akapiga hesabu papo hapo. Uwanja una mita 23.77 kutoka mstari wa nyuma wa upande mmoja hadi wa upande wa pili. Kilomita 200 kwa saa ni kama mita 55.6 kwa sekunde. Akagawanya, akapata sekunde 0.43. "Haiwezekani," akasema. "Huyu anayepokea anauonaje, achilia mbali kuurudisha?"

Kugawanya kwake kulikuwa sahihi. Kasoro ni kwamba ile 200 ni kasi ya mpira pale tu unapoachana na raketi, na ndiyo rada inayoinasa. Kuanzia hapo mpira unapoteza kasi bila kupumzika. Hadi kumfikia mpokeaji utakuwa umetumia zaidi ya sekunde 0.6, na kasi yake imeshuka chini ya nusu.

Mwizi wa kwanza wa kasi ni hewa. Mpira wa tenisi una uzito wa gramu 57 hivi na upana wa sentimita 6.6, tena umevikwa manyoya. Ni kitu kikubwa kwa uzito wake, na kina uso mkwaruzo. Kwa kasi ya 200, hewa inausukuma nyuma kwa nguvu inayozidi mara sita ya uzito wake mwenyewe. Ukitaka kanuni ya kukumbuka, ni hii: katika kila mita, mpira unapoteza takriban asilimia 2 ya kasi iliyobaki.

Tuifuate sevu moja basi, ile inayopigwa moja kwa moja katikati ya uwanja. Sheria inaitaka iangukie ndani ya kiboksi cha sevu, ambacho mstari wake wa mwisho uko mita 6.40 kutoka kwenye wavu. Mpigaji huugonga mpira akiwa ameruka kidogo ndani ya mstari wake wa nyuma, kwa hiyo hadi kugusa chini mpira unasafiri kama mita 18. Mita hizo 18, hewa ikiwa ya kawaida, unazimaliza kwa sekunde 0.39. Unapogusa chini kasi yake ni kama kilomita 140 kwa saa. Kilomita 60 zimeliwa na hewa tupu.

Kisha inakuja ardhi. Mpira unapodunda, unajibonyeza na kujisugua chini, na msuguano huo unakata kama robo ya kasi yake. Ukiinuka unakwenda kwa 105 hivi. Nyasi za Wimbledon ni telezi, hukata kidogo na mpira hubaki chini. Udongo mwekundu wa Paris hukata zaidi na kuuinua mpira juu, ndiyo maana wapiga sevu wakali wengi hupata tabu huko. Baada ya mdundo zimebaki mita kama 6 na nusu, kwa sababu mpokeaji husimama hatua moja nyuma ya mstari wake. Umbali huo, ambao ni kama theluthi moja tu ya ule wa kwanza, unachukua sekunde 0.24. Jumla ni sekunde 0.63, na mpira unafika ukiwa na kilomita 90 na kidogo.

Zile sehemu mbili za kumi za sekunde ambazo jirani yangu hakuzihesabu ndizo zinazofanya mchezo huu uchezeke. Macho yakishaona kitu, mwili huhitaji kama sekunde 0.2 kabla haujaanza kujibu. Katika muda huo mpira umeshakwenda mita 10 na bado haujafika kwenye wavu. Mpokeaji anabakiwa na sekunde 0.43 za kugeuza bega, kupiga hatua na kukutanisha raketi na mpira. Wenye uzoefu hawangoji hata hiyo 0.2. Wanasoma jinsi mpira unavyorushwa juu, bega lilivyoelekea, na mkono unavyoanza kushuka. Andre Agassi ameeleza kwamba, baada ya kufungwa na Boris Becker mara tatu za mwanzo, alikaa akitazama kanda za mechi za Becker hadi akagundua kwamba Mjerumani huyo alikuwa akitoa ulimi kabla ya kupiga, na upande ulimi ulipoelekea ulidokeza mpira utakwenda wapi. Kwa mtu mwenye nusu sekunde na ushei, dokezo kama hilo ni mali.

Hewa yenyewe si moja kila mahali, na sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kuliona jambo hili bila kwenda mbali. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, Nairobi iko juu kwa kama mita 1,700, na hewa ya juu ni nyepesi. Sevu ileile ya 200 ikipigwa Nairobi itagusa chini ikiwa na karibu kilomita 149 badala ya 141 za Dar, na itamfikia mpokeaji mapema kwa kama sekunde 0.03. Ni muda mdogo mno, lakini mpira wenye kasi hiyo unakwenda kama sentimita 75 ndani yake. Raketi ya mtu aliyezoea pwani inafika mpira umeshapita. Sheria za tenisi zinalitambua hilo: katika viwanja vilivyo juu ya mita 1,219 zinaruhusu mpira maalumu usiodunda sana.

Yote haya yanapimika kwa simu. Wiki iliyofuata mimi na jirani tulikwenda kwenye uwanja wa mtaani, tukamwomba kijana anayefundisha watoto atupigie sevu za katikati. Mara ya kwanza tulirekodi kwa picha 30 kwa sekunde. Tulipohesabu hatukujua kama ni picha 14 au 15, na picha moja tu ya tofauti inabadilisha kasi kwa zaidi ya kilomita 10. Pia tulijaribu kusikiliza mlio wa raketi tukiwa upande wa pili, tukakosea tena, kwa kuwa sauti huchelewa kama sekunde 0.07 kuvuka uwanja. Mwishowe tuliiweka simu pembeni ya wavu, tukarekodi kwa picha 240 kwa sekunde, tukasogeza picha mojamoja kwa kidole: kuanzia pale nyuzi za raketi zinapobonyea hadi pale kivuli cha mpira kinapokutana na mpira wenyewe chini. Picha 118, yaani sekunde 0.49.

Ukigawa mita 18 kwa muda huo unapata 132 kwa saa, na kijana akanyong'onyea. Tukamweleza kwamba huo ni wastani wa njia nzima. Ukirudisha kilicholiwa na hewa, mpira ulikuwa umetoka kwenye raketi yake kwa karibu kilomita 160. Akaomba tumwonyeshe tena picha ile ya kwanza, mpira ukiwa umebonyea kwenye nyuzi, kabla hewa haijaanza kuugusa.