Wakala Asiyejua Kuacha

Wakala ninayemzungumzia si yule wa kibandani anayekutolea pesa za simu. Ni programu inayotumia modeli ya lugha kufanya kazi kwa kuita zana: kutafuta kwenye kanzidata, kutuma ujumbe, kufungua faili. Modeli huomba zana, programu huiita, jibu hurudishwa kwa modeli, nayo huamua kinachofuata. Mzunguko huisha pale tu modeli inapoacha kuomba zana na kuandika jibu. Isipoacha, hakuna wa kuizuia.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kusafirisha mizigo. Mteja anauliza mzigo wake uko wapi, ila kwenye namba ameandika herufi O mahali pa sifuri. Ukifungua kumbukumbu za programu unakuta hivi:

```
tafuta_mzigo("KM2O417") -> []
tafuta_mzigo("KM2O417") -> []
tafuta_mzigo("km2o417") -> []
```

Mabano matupu hayasemi kama namba ni mbovu au mzigo haujafika, basi modeli inabahatisha tena na tena. Kila duru, mazungumzo yote ya nyuma hutumwa upya, na hulipiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno. Tuseme duru ya kwanza ina tokeni 2,000 na kila inayofuata inazidi iliyotangulia kwa 1,000. Duru 6 zitakula jumla ya 27,000. Duru 25 zitakula 350,000.

Kinga ya kwanza ni kikomo cha hatua. Kwenye LangGraph kinaitwa `recursion_limit`, kwenye OpenAI Agents SDK ni `max_turns`. Kiwekwe ndani ya programu. Kuiandikia modeli "usizidishe hatua 8" ni kuiomba tu. Namba yenyewe itoke kwenye kumbukumbu: kama kazi zilizofaulu huisha kwa hatua 4 au 5, basi 8 inatosha.

Lakini kikomo kitupu humwachia mteja ujumbe wa kosa asiouelewa. Kwa hiyo hatua ya mwisho modeli iitwe bila zana hata moja, iambiwe ieleze ilichopata na ilichokosa. Kwa kuwa haina zana ya kuomba, itaandika. Kisha suala likabidhiwe mhudumu pamoja na kumbukumbu zake.

Si lazima hata kungoja hatua ya 8. Programu ilinganishe kila ombi na yaliyotangulia, likijirudia ikatishe. Ila tazama mstari wa tatu hapo juu: modeli imebadili herufi kubwa kuwa ndogo, na ulinganishi wa kijinga utaona ni ombi jipya. Dawa hasa, kwa maoni yangu, iko kwenye zana yenyewe. Badala ya mabano matupu, ijibu: "Baada ya KM huja tarakimu tu, namba hii ina herufi O." Modeli itamwuliza mteja duru hiyohiyo.

Zana zinazolipa pesa au kutuma ujumbe zina hatari yao: kikomo hakirudishi kilichokwisha kutoka. Kila malipo yapewe namba yake ya pekee, ili ombi likirudiwa, mfumo wa malipo ulikatae.