Kwa Nini Jirani wa Fibonacci Hawana Kigawo cha Shirika

Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kwa jina la Fibonacci, aliandika kitabu cha hesabu kiitwacho Liber Abaci. Ndani yake mna swali la sungura: jozi moja imewekwa uani, na kila jozi huzaa jozi nyingine kila mwezi, ikianza mwezi wa pili wa uhai wake. Mwaka ukiisha zitakuwa jozi ngapi? Jibu la Leonardo ni 377.

Namba za swali hilo hufuata kanuni moja tu: ukijumlisha mbili zilizotangulia, unapata inayofuata.

1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89, 144, 233, 377, 610 ...

Chukua 377 na jirani yake, 610. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika atazivunja katika namba tasa: 377 ni 13 × 29, na 610 ni 2 × 5 × 61. Hakuna kinachofanana, kwa hiyo KKS ni 1. Ukijaribu 610 na 987 inayofuata, 987 ni 3 × 7 × 47, na huko nako hakuna cha pamoja. Lakini mfuatano huu hauna mwisho, na hata ukipima jozi elfu moja utabaki hujui lolote kuhusu ile ya elfu moja na moja. Kinachohitajika ni sababu.

Sababu yenyewe imo katika kutoa. Muuza mayai mwenye mayai 210, yaliyojaza trei za mayai 30 bila hata moja kubaki, akimuuzia mteja 90, yaani trei tatu kamili, yatakayobaki ni 120, na hayo nayo ni trei nne kamili. Ndivyo ilivyo kwa namba zote: kigawo kinachogawanya namba mbili bila baki hugawanya pia tofauti yao.

Sasa tuseme, kwa ajili ya kujaribu, kwamba ipo namba fulani inayogawanya 610 na 377 kwa pamoja. Basi lazima igawanye pia tofauti yao, ambayo ni 233. Tazama vizuri namba hiyo: ndiyo iliyo nyuma ya 377 katika mfuatano. Haiwezi kuwa vingine, kwani 610 ilipatikana kwa kujumlisha 377 na 233. Kwa hiyo kigawo chetu kimejikuta kinagawanya jirani wengine wawili, 377 na 233. Toa tena, unapata 144. Toa tena, 89. Kisha 55, 34, 21, 13, 8, 5, 3, 2, na mwishowe 1. Kigawo kilichodhaniwa kinalazimika kugawanya 1, na namba nzima chanya inayoweza kufanya hivyo ni 1 peke yake.

Popote utakapoanzia, hata kama namba ina tarakimu mia, ngazi hiyo itakushusha hadi 1.

Je, siri ni ile kanuni ya kujumlisha? Si yote. Anza na 6 na 9, ufuate kanuni ileile: 6, 9, 15, 24, 39, 63. Kila jirani wana kigawo cha shirika 3, kwa sababu ukishuka unatua kwenye 6 na 9, ambazo zilikuwa nacho tangu mwanzo. Na ukianza na 1, 1, 2 lakini ukajumlisha namba tatu zilizotangulia badala ya mbili, unapata 4, 7, 13, 24, 44. Hapo 24 na 44 zote zinagawanyika kwa 4. Tofauti yao ni 20, nayo haimo kabisa katika mfuatano, kwa hiyo ngazi imekatika. Mambo mawili yanahitajika pamoja: mwanzo usio na kigawo cha shirika, na kutoa kunakokurudisha hatua moja nyuma bila kukosea.

Tena, kinga hii haifiki mbali. Namba 21 na 144, zilizoachana nafasi nne, zote zinagawanyika kwa 3.

Kushuka huku kwa hatua ndogo ndogo kulimpa Mfaransa Gabriel Lamé kipimo mwaka 1844. Alikuwa akichunguza njia ya kale ya Yuklidi ya kutafuta KKS: gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, kisha gawanya ile ndogo kwa baki hilo, na kuendelea mpaka baki liwe sifuri. Kwa 610 na 300 kazi inakwisha baada ya kugawanya mara 2. Kwa 610 na 377 inachukua mara 13, maana karibu kila mara kubwa inaingiza ndogo mara moja tu. Jirani wa Fibonacci ndio wanaoichelewesha njia hiyo kuliko namba nyingine za ukubwa wao. Kutokana nao Lamé alithibitisha kwamba idadi ya hatua haizidi tarakimu za namba ndogo mara tano. Namba 377 ina tarakimu tatu, hivyo kikomo chake ni hatua 15.