Walirushiana Maneno: Nani Alisema Lipi?

Katika mafaili ya nidhamu ya ofisi nyingi kuna sentensi inayojirudia karibu neno kwa neno: "Watumishi hawa wawili walirushiana maneno makali na kutoleana lugha chafu." Anayeiandika mara nyingi ana nia njema. Hataki kumuumiza yeyote, na anaona kwamba akiwaweka wote wawili kapu moja atakuwa ametenda haki. Lakini sentensi hiyo imekwisha kutoa hukumu. Imesema wote wawili walitukana, tena kwa kiwango kimoja, na kumbe huenda mmoja alitukana na mwenzake alijibu tu kwamba hasaini mzigo pungufu. Kutopendelea upande si kugawa lawama nusu kwa nusu. Ni kuyaandika maneno ya kila mmoja kwa namna ileile, kisha kumwachia mwenye mamlaka apime.

Tuchukue kisa cha mfano katika ghala la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Dereva wa kampuni ameleta saruji, na hati inaonyesha mifuko 300. Mtunza stoo anahesabu na kupata 294, anakataa kusaini. Wanabishana kwenye sehemu ya kupakulia, sauti zinapanda, kazi inasimama. Msimamizi wa zamu yuko ofisini, dirisha liko wazi. Anasikia kelele, anatoka, anawaamuru waache. Jioni anaandika hivi:

"Leo dereva alimshambulia mtunza stoo kwa lugha chafu bila sababu yoyote. Mtunza stoo alijaribu kumtuliza lakini dereva aliendelea kufoka kwa kiburi na kumtishia."

Inasomeka vizuri, na msimamizi anaamini kila neno lake. Hata hivyo msomaji hapati hata neno moja lililotoka kinywani mwa dereva. Anapata maoni ya msimamizi tu. "Bila sababu" ni maoni. "Kwa kiburi" ni maoni. "Alijaribu kumtuliza" ni kumsemea mtunza stoo yaliyokuwa moyoni mwake. "Alimtishia" ni tafsiri ya maneno ambayo hatukuonyeshwa. La hatari kuliko yote ni "alimshambulia". Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa Tanzania kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 zinataja kumshambulia mfanyakazi mwenzako miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi. Atakayesoma ripoti hiyo wiki mbili baadaye, na ambaye hakuwapo ghalani, anaweza kudhani ngumi zilirushwa.

Sasa tazama tukio lilelile, mwandishi yuleyule, akiandika alichosikia na kukiona:

"Saa 4:20 asubuhi nilikuwa ofisini, dirisha likiwa wazi. Nilimsikia dereva akisema kwa sauti ya juu: 'Mwizi mkubwa wewe, mifuko unayouza usiku tunaijua.' Nikatoka. Walikuwa wamesimama wakitazamana, kati yao kama hatua mbili. Mtunza stoo alisonya, akasema: 'Rudia hayo mbele ya meneja, mshenzi wewe.' Dereva akasema: 'Tutaonana nje ya geti.' Niliwaambia waache. Dereva akaenda kwenye lori. Sikuona mmoja akimgusa mwenzake. Yaliyosemwa kabla ya neno 'mwizi' sikuyasikia."

Hapa mambo yamebadilika. Kwanza, tumegundua kwamba mtunza stoo naye alitamka tusi, jambo ambalo ripoti ya mwanzo ililimeza. Pili, na hili ni kubwa zaidi, tumeona kwamba dereva hakutukana tu. Alitoa tuhuma ya wizi. Ukiandika "lugha chafu", tuhuma hiyo inazikwa pamoja na mifuko sita isiyoonekana. Kampuni itamwonya dereva kwa mdomo wake, na hakuna atakayeuliza saruji inakwenda wapi usiku, au kama mtunza stoo amesingiziwa. Tusi, tuhuma na tishio ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina njia yake ya kushughulikiwa. Maneno yenyewe ndiyo yanayotuonyesha tuko kwenye lipi.

Na "Tutaonana nje ya geti"? Mtunza stoo anaweza kusema alitishiwa. Dereva anaweza kujibu kwamba alitaka wakazungumze mbali na eneo la kazi. Anayeandika halazimiki kuchagua, na hapaswi kuchagua. Anaandika maneno, sauti ilivyokuwa, nani alimwelekea nani, basi. Mtunza stoo akisema, "Niliogopa, nilielewa atanipiga," hilo linaandikwa kama maelezo yake, ndani ya alama za kunukuu, na jina lake likiwa chini.

Uswahilini kuna ugumu ambao miongozo mingi ya ofisi haiugusi. Mtu anaweza kuumiza bila kutamka tusi hata moja. Anamtazama mfanyakazi aliyehamishiwa kituoni juzi, anasema kwa sauti tulivu, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," na waliopo wanacheka. Au anawasalimia wote mezani kwa majina, anamruka mmoja. Ukiandika "alimtupia kijembe" umeshahukumu. Ukiandika methali peke yake, msomaji haoni kosa liko wapi. Kinachosaidia ni kuandika mazingira: nani walikuwapo, msemaji alimtazama nani, kabla ya hapo walikuwa wakizungumza nini, na aliyelengwa alijibu nini. Vivyo hivyo kusonya. Ni sauti, imesikika, iandikwe "alisonya". Usiandike "alimdharau", kwa sababu dharau huisikii, unaihisi.

Heshima nayo huleta shida. Waandishi wengi, hasa wanapoandika matusi ya nguoni au yanayomgusa mzazi wa mtu, huona haya na kuweka "alitamka neno lisiloandikika". Ninaelewa kusita huko, lakini wanaokuja kuamua watafanya nini? Hawawezi kupima uzito wa neno wasilolijua, na mtuhumiwa hawezi kujitetea dhidi yake. Neno liandikwe lote, kwa lugha iliyotumika, iwe Kiswahili, Kisukuma au mchanganyiko wa mtaani. Tafsiri ikihitajika ifuate chini yake, isichukue nafasi yake. Heshima ilindwe kwa njia nyingine: faili liwe la siri, lisomwe na wanaohusika tu, lisipitishwe meza kwa meza.

Tatizo kubwa kuliko yote ni kumbukumbu. Tunakumbuka maana ya yaliyosemwa kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Kesho yake "Unahesabu kama mtoto" inaweza kuwa "alimwita mtoto", na baada ya wiki ikawa "alimwambia hana akili". Hakuna aliyedanganya. Ndiyo sababu maelezo yaandikwe siku ileile, ikiwezekana saa ileile, kabla mashahidi hawajaketi pamoja kwenye chai. Wakishazungumza, kila mmoja anaanza kukumbuka sentensi za mwenzake. Anayenukuu atenganishe pia mambo mawili: maneno aliyoyashika kama yalivyo, anayaweka ndani ya alama za kunukuu, yale anayokumbuka maana yake tu, anaandika "alisema kwa maana ya kwamba", bila alama hizo.

Katika kisa chetu kuna mashahidi wawili, karani na kuli. Msimamizi anawaita mmoja mmoja. Hamuulizi karani, "Dereva alimtukana vipi?" kwa sababu swali hilo limekwisha kumwambia jibu. Anauliza, "Ulikuwa wapi? Ulisikia nini? Kisha?" Karani anasema ugomvi ulianza mtunza stoo aliposema, "Nyie madereva tabia zenu moja." Kuli, aliyekuwa juu ya lori, anasema hilo hakulisikia; la kwanza alilosikia ni dereva akisema, "Unahesabu kama mtoto." Hapa msimamizi atashawishika kuyalinganisha, atafute hadithi moja inayoenea. Asifanye hivyo. Maelezo hayo mawili yakae kama yalivyo, kila moja kwenye karatasi yake. Huenda yote ni kweli, kwa kuwa mmoja alikuwa karibu na mwingine juu ya mzigo. Swali la nani alianza hutegemea sana mwandishi ameanzia wapi, na ndiyo maana ile sentensi ya msimamizi, "yaliyosemwa kabla sikuyasikia", ina thamani kubwa. Tahadhari hiyohiyo inahusu video ya simu: mara nyingi mtu huanza kurekodi sauti zikiwa zimeshapanda, kwa hiyo inaonyesha majibu bila uchokozi.

Kuna upendeleo mwingine unaojificha kwenye sarufi. Mmoja anaandikwa "Bwana" fulani, mwenzake jina la kwanza tu. Mmoja "alieleza", mwingine "alidai". Mmoja ananukuliwa neno kwa neno, na ya mwingine yanafupishwa: "akamjibu". Njia rahisi ya kuugundua ni kubadilishana nafasi. Weka jina la dereva palipo mtunza stoo na la mtunza stoo palipo dereva, kisha soma tena. Sentensi inayokukera baada ya mabadiliko hayo ndiyo iliyokuwa imeegemea upande.

Cheo kiandikwe pia, bila kukitolea maoni. Kenya, kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataja lugha ya matusi kwa mwajiri, au kwa mtu aliyewekwa na mwajiri kuwa juu ya mfanyakazi, miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi mara moja. Maneno yaleyale kwa mfanyakazi wa ngazi sawa hayaingii humo moja kwa moja.

Ripoti hii huenda ikasafiri mbali. Tanzania, mwajiri akimwachisha mtu kazi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu na utaratibu vilikuwa vya haki, na mfanyakazi ana siku 30 kulifikisha shauri la kuachishwa kwake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko, "lugha chafu" haitoshi. Mwamuzi atauliza: lugha gani? Kabla ya hapo, kanuni zilezile za 2007 zinataka uchunguzi ufanyike, mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na kikao kiongozwe na kiongozi asiyehusika na tukio. Msimamizi wetu, aliyesikia na kuandika, ni shahidi. Hafai kuwa mwenyekiti.

Rasimu ikikamilika, kila shahidi asomewe maelezo yake mwenyewe. Dereva na mtunza stoo nao wasomewe waliyoyasema wao. Dereva akisema, "Mimi sikusema 'mwizi mkubwa', nilisema 'kuna wizi hapa'," usifute ulichosikia na usimwambie anadanganya. Andika chini: "Dereva anasema maneno yake yalikuwa haya," weka tarehe na saa, asaini. Akikataa kusaini, andika kwamba amesomewa na amekataa, na aliyeshuhudia kukataa huko asaini.

Mifuko sita ya saruji iandikiwe ripoti yake peke yake.