Sola Inapojifunga: Siku Zilizo Ndani ya Kisanduku

Tumchukue muuza omena wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, awe mfano wetu. Amerudi kutoka sokoni giza limeingia. Anabonyeza swichi ya taa ya sebuleni, kimya. Anabonyeza ya jikoni, kimya vilevile. Ukutani, kile kisanduku cheupe chenye betri ndani yake kinaonyesha tarakimu moja tu: 0. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, paneli iko juu ya paa, betri imejaa pomoni. Umeme upo ndani ya nyumba yake, ila hauruhusiwi kutoka.

Sola ya lipa pole pole ilienea Kenya kwa sababu njia ya kulipia ilikuwa tayari mikononi mwa watu. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Miaka mitano baadaye, mwaka 2012, kampuni ya M-KOPA iliingia sokoni ikiuza mitambo midogo ya nyumbani kwa malipo ya kila siku kupitia simu, na nyingine zikafuata mkondo huo. Anayekopeshwa hapa mara nyingi hana hati ya mshahara wala shamba la kuweka rehani. Dhamana ni kile kisanduku chenyewe: ndani yake mna swichi ya kielektroniki inayokata umeme unaokwenda kwenye taa, redio na chaja ya simu pindi siku zilizolipiwa zinapomalizika.

Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Akaunti ya sola si kama mita ya tokeni za umeme wa gridi. Mita ile huhesabu yuniti, kwa hiyo ukizima taa unaokoa pesa. Kisanduku cha sola huhesabu siku. Ukiwasha taa zote nne hadi alfajiri au ukifunga nyumba ukaenda matangani wiki nzima, siku zinakatwa sawasawa.

Turudi Usenge tufanye hesabu. Tuseme mama huyu aliweka kianzio cha shilingi 3,000, na mkataba wake unataka shilingi 50 kwa siku kwa siku 400. Shilingi 50 mara 400 ni 20,000. Ukijumlisha kianzio, mtambo utamgharimu 23,000. Huenda mtambo huohuo, kwa pesa taslimu, unauzwa 17,000. Tofauti ya 6,000 ndiyo bei ya kukopeshwa, ingawa haiandikwi popote kama riba. Imo ndani ya zile hamsini hamsini. Ni vizuri mnunuzi aulize bei zote mbili kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa ajenti mara nyingi hutaja ile ya siku peke yake.

Jumatatu, siku ya soko, saa nne asubuhi, analipa 350. Hizo ni siku saba. Kama zilikuwa zimebaki mbili, sasa ana tisa, maana siku mpya huongezwa juu ya zilizobaki. Akituma 380, zile 30 za ziada hazitoshi siku, na kwa kawaida hukaa kwenye akaunti zikisubiri 20 nyingine. Na katika mitambo mingi siku ni saa 24 kamili. Aliyefunguliwa saa nne asubuhi, siku zikiisha atafungiwa saa nne asubuhi, wakati ambao hakuna mtu anayewasha taa. Atakuja kujua jioni, na kwake itaonekana kana kwamba umeme umekatwa usiku huohuo.

Je, akikosa pesa wiki tatu kwa sababu omena zimeadimika? Katika mikataba ya aina hii iliyo mingi, zile siku 21 za giza hazigeuki kuwa deni jipya. Hatadaiwa 1,050 za nyuma ndipo afunguliwe. Akilipa 50 leo, taa zinawaka leo. Kinachosogea ni siku ya kumaliza. Asiyefungiwa hata mara moja humaliza siku 400 katika muda wa miezi 13 hivi. Aliyekaa gizani jumla ya siku 60 atafika karibu miezi 15, akiwa amelipa zilezile 23,000. Lakini uvumilivu huo una kikomo. Mkataba hutaja ni baada ya siku ngapi za kutolipa kampuni inaweza kuja kuuchukua mtambo, na kipengele hicho ndicho kinachofaa kusomwa mara mbili, au kusomewa na mtu unayemwamini.

Sasa, kuna usiku mwingine ambao mtu amelipa na bado kisanduku hakifunguki. Hapo inafaa kujua malipo husafiri vipi. Ukilipa kwa nambari ya biashara, unaandika pia nambari ya akaunti, na hiyo ndiyo inayoiambia kampuni ni mtambo upi ufunguliwe. Tarakimu moja ikikosewa, pesa inaweza kuingia kwenye akaunti ya mtu mwingine, taa zake zikaongezewa siku huku wewe ukikaa gizani. Ujumbe wa M-Pesa wenye kodi ya muamala ndio ushahidi, kwa hiyo usifutwe.

Baada ya hapo njia ni mbili. Baadhi ya visanduku vina laini ya simu ndani na hupokea amri ya kufunguka moja kwa moja. Mtandao ukiwa dhaifu, amri huchelewa, na pengine kukibeba kisanduku hadi mlangoni kunatosha. Vingine havina laini. Mteja hutumiwa tokeni kwa ujumbe, kisha huibonyeza mwenyewe kwenye vitufe. Tokeni hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kisanduku hicho kimoja na hutumika mara moja tu. Ya jirani haitafanya kazi, na ya wiki jana haitarudiwa. Ukibahatisha mara nyingi, vitufe vyenyewe vinaweza kugoma kwa muda.

Halafu liko giza ambalo halina uhusiano wowote na malipo. Msimu wa mvua, au vumbi linapotanda kwenye paneli, au mwembe ulipoota tawi jipya upande wa mashariki, betri haijai. Taa zinawaka jioni, zinafifia, zinazimika saa tatu usiku. Dalili yake iko wazi: tazama siku zilizobaki. Kama si 0, hujafungiwa. Na kama taa zimerudi zenyewe kesho yake baada ya jua, bila shilingi kutumwa, tatizo lilikuwa chaji. Mtambo uliofungwa hauwaki kwa jua, ingawa mingi huendelea kuchaji betri kimyakimya. Ndiyo maana mama wa Usenge akilipa usiku huuhuu, taa zitawaka mara moja bila kusubiri asubuhi.

Kumfungulia fundi wa mtaani kisanduku ili aruke swichi ile ni hasara. Betri na sakiti vimefungiwa pamoja, waranti hufa pale parafujo ya kwanza inapolegezwa, na deni linabaki palepale.

Siku ya 400 ikishalipwa, kampuni hutoa amri au tokeni ya mwisho, inayofungua kisanduku moja kwa moja. Isipofika, idaiwe, kwa sababu bila hiyo kisanduku hakina njia ya kujua kwamba deni limekwisha. Kitamaliza siku zake za mwisho na kujifunga kama kawaida. Tarakimu zile zikikubaliwa, hesabu ya siku huondoka. Jioni ambayo taa zitafifia tena Usenge, kitakachotafutwa ni ngazi na kitambaa chenye maji cha kufutia paneli.