Kuhamisha Mkopo: Piga Hesabu Kwanza

Dada yangu ni mwalimu. Alibakiza deni la shilingi 4,000,000, miezi 30, riba asilimia 16 kwa salio linalopungua. Benki nyingine ikamwita kwa asilimia 13. Nikamwambia, "Dada, omba kwanza barua ya salio la deni, tupige hesabu."

Rejesho lingeshuka kwa kama 5,700 kila mwezi, yaani 171,000 hadi mwisho. Ila benki ya zamani inakata asilimia 3 ya salio ukimaliza mapema: 120,000. Mpya inataka 80,000 za ada na bima. Jumla 200,000. Hasara!

Ofisa akapendekeza miaka 5, rejesho lipungue zaidi. Hapo riba yote ingepita milioni 1.4; sasa haifiki laki 9. Hakuhama.

Wewe ukihama, dai barua ya kumaliza deni, makato yasiendelee mara mbili.