Karadha ya Mshahara: Namna ya Kuiomba kwa Maandishi na Inavyokatwa

Mfanyakazi anayehitaji sehemu ya mshahara wake kabla ya siku ya malipo anaweza kumwomba mwajiri karadha, maarufu kama advansi. Kwa mujibu wa kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri anaweza kulipa malipo hayo ya awali, nayo hayahesabiwi kuwa mkopo wala hayatozwi riba. Hata hivyo, mwajiri halazimiki kukubali kila ombi.

Karadha isiyozidi mshahara wa mwezi husika hukatwa yote mwisho wa mwezi huo. Inapokuwa kubwa kiasi cha kurejeshwa kwa miezi kadhaa, barua ya maombi hubeba uzito zaidi, kwa kuwa kifungu cha 28 kinamzuia mwajiri kukata deni katika mshahara bila ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi, isipokuwa pale sheria, makubaliano ya pamoja au amri ya mahakama inaporuhusu.

Barua hiyo huelekezwa kwa mwajiri kupitia kwa msimamizi wa kazi, ikiwa na kichwa "Yah: Maombi ya Karadha ya Mshahara". Itaje kiasi, sababu kwa ufupi, makato ya kila mwezi, pamoja na mwezi wa kuanza na wa kumaliza. Kwa mfano: "Naomba karadha ya shilingi 300,000. Naridhia ikatwe shilingi 100,000 kila mwezi, kuanzia Oktoba hadi Desemba, bila riba." Mwombaji abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa pamoja na jibu la mwajiri.

Tuchukue mfanyakazi wa sekta binafsi mwenye mshahara wa shilingi 600,000. Kwanza hukatwa mchango wa NSSF wa asilimia 10, yaani shilingi 60,000. Kodi ya mapato hukokotolewa kwenye shilingi 540,000 zinazobaki, nayo ni shilingi 24,000. Hapo hubaki shilingi 516,000, na baada ya karadha hupokea shilingi 416,000. Makato ya karadha hayapunguzi kodi wala mchango, kwa kuwa mshahara wake haujabadilika.

Hati ya mshahara inapaswa kuonesha karadha katika mstari wake na, ikiwezekana, salio: 200,000 Oktoba, 100,000 Novemba na sifuri Desemba. Makato yakionekana tena Januari, au yakizidi shilingi 100,000, mfanyakazi aandike mara moja kwa mwajiri akiambatisha nakala ya barua yake. Asiporidhika, anaweza kumfikia Afisa Kazi wa eneo lake.

Barua ieleze pia salio litakavyolipwa ajira ikikoma kabla ya Desemba. Bila maelezo hayo, mgogoro huzuka wakati wa kukokotoa malipo ya mwisho.